Asilimia 65 Wamefungua, Nani Amejibu?

Mwenye WhatsApp hahitaji kuelezwa maana ya tiki mbili za buluu. Ujumbe umefika, umefunguliwa, na aliyekaa kimya amekaa kimya kwa makusudi. Kwa mazoea hayo, mtu akiingia kwenye programu ya kutuma barua pepe za biashara na kukuta ripoti inamwambia kwamba asilimia 65 ya aliowaandikia wamefungua barua yake, anaisoma kama tiki za buluu. Anaona watu 65 katika kila 100 wamekaa na barua mkononi, wameisoma, wanafikiri.

Tiki ya buluu inatoka kwenye simu ya mpokeaji. Programu aliyonayo yeye ndiyo inayotoa taarifa kwamba ujumbe umefunguliwa. Barua pepe haikujengwa hivyo. Utaratibu unaoisafirisha, SMTP, uliandikwa mwaka 1982, na kazi yake inaishia pale barua inapokabidhiwa kwa seva ya mpokeaji. Ni kama sanduku la posta: karani akishatia barua ndani ya S.L.P. yako amemaliza, na hakuna anayerudi kwa aliyeituma kumwambia kama umepita kuichukua, umeisoma, au umefungia nayo karanga.

Basi ile asilimia 65 imetoka wapi? Nitaieleza kwa mfano wa ofisi ndogo ya utalii pale Arusha. Ofisi ni ya kubuni, na hesabu nimezipanga mwenyewe ili zifuatike kwa urahisi, ila kila kinachowapata watu wake ndicho kinachowapata wanaoishi kwa kuandika barua za namna hii.

Ofisi ina watu wawili: mama mwenye kampuni na kijana anayeshughulikia masoko. Novemba mama alikwenda London kwenye maonyesho ya World Travel Market, akarudi na bahasha ya kadi za mawakala wa usafiri. Kijana akaongeza anwani nyingine alizozitoa kwenye tovuti za kampuni za Uingereza. Jumla zikawa 400. (Waliiacha Ujerumani kwa makusudi. Sheria ya kule inadai idhini ya mpokeaji kabla ya kumtumia tangazo kwa barua pepe, hata kama ni kampuni kwa kampuni. Uingereza kampuni iliyosajiliwa unaweza kuiandikia, mradi ujitambulishe na umpe mtu njia ya kujiondoa.)

Wakaandaa barua mbili. Ya kwanza, tuiite barua A, ilikuwa na picha ya simba juu ya jiwe, ofa ya msimu, bei za safari za siku nne, sita na nane, na viungo vitano vya kubofya. Ya pili, barua B, haikuwa na picha. Ilikuwa mistari sita tu. Ilisema kwamba Februari nyumbu huzaa katika tambarare za Ndutu, kwamba ofisi ina magari mawili na nafasi kambini katika wiki ya pili ya mwezi huo, kisha ikauliza: je, mna wageni wanaoutaka msimu huo ambao hamjawapatia nafasi? Barua A ilikwenda kwa watu 200 wa mwanzo kwenye orodha, B kwa 200 waliobaki.

Barua 12 za kundi A zilirudi kwa sababu anwani zilikuwa zimekufa, zikafika 188. Za kundi B zilirudi 8, zikafika 192. Siku iliyofuata kijana akafungua ripoti. A: waliofungua 122, sawa na asilimia 65. B: waliofungua 81, sawa na asilimia 42.

"Mama, ya simba imeshinda! Asilimia 65!"

"Wamesemaje?"

"Bado hawajasema. Lakini wamefungua."

Ili ripoti iweze kusema "amefungua", programu hutia ndani ya kila barua picha ndogo kupita kiasi, ya pikseli moja kwa moja, isiyo na rangi. Jicho haliwezi kuiona. Picha yenyewe haimo ndani ya barua. Imekaa kwenye seva ya mtumaji, na kila mpokeaji amepewa anwani yake ya picha hiyo. Ndani ya barua huonekana hivi:

```html
<img src="https://mfano.example/o?id=A117" width="1" height="1">
```

Kifaa kinapoionyesha barua huenda kuichukua picha hiyo. Seva ikiombwa picha ya A117, inaandika kwamba mtu wa 117 amefungua, na saa ngapi. Hiyo tu. Kinachohesabiwa ni picha kuchukuliwa. Nani ameichukua, na kama kuna jicho la binadamu lililopita juu ya maneno, seva haina namna ya kujua.

Kwa miaka mingi udhaifu huu ulivumilika, kwa kuwa mara nyingi picha ilichukuliwa na kifaa cha mtu aliyekuwa anaitazama barua. Desemba 2013 Gmail ilianza kuzipitisha picha za barua kwenye seva za Google yenyewe, na mtumaji hakuona tena mpokeaji yuko wapi, ila mara nyingi bado aliweza kujua kwamba barua imefunguliwa. Pigo kubwa lilikuja tarehe 20 Septemba 2021. Siku hiyo Apple ilitoa iOS 15 ikiwa na kinga inayoitwa Mail Privacy Protection. Mwenye iPhone anapofungua programu ya Mail kwa mara ya kwanza huulizwa kama anataka shughuli zake zilindwe, na ni wachache wanaokataa ulinzi wa bure. Akikubali, Apple huzichukua picha za barua zake kupitia seva zake, mapema, simu ikiwa mfukoni au kitandani inachajiwa, bila kujali kama mwenyewe ataifungua barua ile leo, kesho au hataifungua kabisa. Seva ya mtumaji inaona picha imeombwa. Inaandika: amefungua.

Kinga hii inafuata programu, haifuati anwani. Mtu mwenye anwani ya Gmail anayeisomea kwenye Mail ya iPhone amekingwa. Mwenzake mwenye iPhone hiyohiyo anayetumia programu ya Gmail hajakingwa. Kwa hiyo kuitazama orodha yako ya anwani hakukuambii ni wangapi wamo. Ukitaka kushuhudia mwenyewe, azima iPhone ya ndugu anayetumia Mail yenye kinga hiyo, jitumie barua yenye ufuatiliaji kwenye anwani iliyounganishwa humo, iache simu kwenye chaja usiku kucha bila kuigusa, kisha asubuhi tazama ripoti. Usishangae ukiambiwa kwamba barua ilisomwa saa tisa za usiku.

Kundi la pili la wasomaji wasiokuwapo ni vichujio vya usalama. Kampuni nyingi, hasa kubwa, hazimwachii mfanyakazi apokee barua moja kwa moja. Barua hupita kwanza kwenye mfumo unaoikagua: unachukua picha, unabofya viungo vyote kuona kama vinaelekea kwenye mtego wa matapeli, ndipo barua iruhusiwe kupita au izuiwe. Ukaguzi huo huchukua sekunde chache. Kwa mtumaji, ni kama mteja mwenye shauku isiyo ya kawaida: amefungua barua sekunde mbili baada ya kuipata na kubofya viungo vyote vitano kwa mpigo. Kwa sababu hiyo hata mibofyo, ambayo wengi huikimbilia baada ya kuambiwa kufungua hakuaminiki, nayo si salama. Dalili zake, bahati nzuri, hazijifichi. Binadamu hasomi kwa sekunde mbili, na habofyi mpaka kiungo cha kujiondoa na cha ramani ya ofisi kwa wakati mmoja. Mafundi wengine huweka kiungo kisichoonekana kwa macho mahali fulani ndani ya barua. Kikibofywa, wanajua aliyebofya ni mashine.

Kuna na upande wa pili, ambao watu huusahau: waliosoma na kuhesabiwa kwamba hawakusoma. Programu ya Outlook ya kwenye kompyuta, kwa mpangilio wake wa kawaida, huzuia picha za kutoka nje mpaka mwenyewe abofye kuziruhusu. Mtu anaweza kuisoma barua yako mara tatu, akaiita ofisi nzima waje kuiona, na kwako akabaki "hajafungua". Gmail nayo hukata barua ikizidi takriban kilobaiti 102. Kama ile pikseli iko mwishoni, kama ilivyo kwenye programu nyingi, inabaki upande uliokatwa.

Kwa hiyo kosa la kipimo hiki haliendi upande mmoja. Kingekuwa kinazidisha tu, tungepunguza kidogo tukaendelea na kazi. Hiki kinazidisha kwa wengine na kupunguza kwa wengine, na kiasi kinategemea vifaa vya waliopokea, jambo ambalo halina uhusiano na ubora wa barua yako.

Turudi Arusha. Kijana alipobanwa na maswali ya mama, akaenda kwenye kumbukumbu za ndani za programu, zinazoonyesha kila ufunguaji ulitokea saa ngapi na kupitia wapi. Katika wale 122 wa kundi A, 19 walikuwa wamefungua ndani ya sekunde chache baada ya barua kufika: vichujio. Wengine 61 walipitia seva za Apple. Waliobaki 42. Kwa kundi B, katika 81, vichujio vilikuwa 9 na Apple 18, wakabaki 54. Gawanya: 42 kwa 188 ni asilimia 22, na 54 kwa 192 ni asilimia 28. Simba ameanguka.

Kwa nini Apple walijaa kundi A? Kwa sababu orodha haikuchanganywa kabla ya kugawanywa. Watu 200 wa mwanzo walikuwa wale wa kadi za London, wenye kampuni wanaosomea barua zao kwenye simu, na Uingereza iPhone ni nyingi. Watu 200 wa mwisho walikuwa anwani za ofisi zilizotolewa kwenye tovuti, zinazosomwa kwenye kompyuta ya mapokezi. Ripoti ilikuwa imelinganisha simu na kompyuta, kijana akadhani imelinganisha barua na barua. Ukitaka kupima barua mbili, changanya kwanza majina kama unavyochanganya karata, ndipo uyagawe.

Hata hivyo zile asilimia 22 na 28 nazo usizishike sana. Katika wale 61 wa Apple wapo walioisoma barua kweli, na hakuna wa kutuambia ni wangapi. Ukiwaacha ndani unahesabu simu zilizolala kwenye chaja. Ukiwatoa unafuta wasomaji halali. Nimeona watu werevu wakipoteza mchana mzima wakitafuta namna ya kuisafisha namba hii. Haisafishiki, kwa sababu taarifa inayohitajika haikukusanywa tangu mwanzo.

Jibu halina shida hiyo. Hakuna kichujio kinachoandika "bei hiyo ina chakula cha mchana?" Lakini majibu nayo lazima yapangwe kabla hayajahesabiwa, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ofisi ya Arusha ilisubiri siku 14, kwa kuwa wakala wa usafiri hujibu akipata nafasi, tena majibu mazuri mara nyingi huchelewa kuliko mabaya. Kisha mama akaketi na kijana wakayasoma yote, moja moja.

Barua A ilileta majibu 17. Tisa yalikuwa ya mashine: niko likizo, nitarudi tarehe fulani. Matano yalikataa au kuomba kuondolewa kwenye orodha. Mawili yaliuliza bei. Mmoja alitaka kuzungumza. Barua B ilileta 19. Manne ya mashine, manne ya kukataa, matatu yaliyosema "si mimi, mwandikie mwenzangu wa kitengo cha Afrika" na kutoa jina, na manane ya watu waliokuwa na swali la kweli au wageni mkononi.

Ukihesabu kila kilichorudi, 17 na 19 ni sare. Toa mashine na waliokataa: A imebaki na 3, B ina 11. Nimewaweka wale watatu wa "mwandikie mwenzangu" pamoja na wenye nia, kwa sababu jina la mtu sahihi ndani ya kampuni lina thamani kuliko salamu za mtu asiye sahihi. Wapo wanaowaweka kando, na hilo halina ubaya, mradi uamuzi ufanywe kabla ya kuyasoma majibu na usibadilishwe mwezi unaofuata ili namba zipendeze.

Gawanyo hili lina mtego mmoja: unagawanya kwa nini? Ukimwandikia mtu mmoja barua tatu kwa nyakati tofauti, kama ilivyo kawaida kwenye kazi hii, watu 200 wanakuwa barua 600. Majibu 12 kwa barua 600 ni asilimia 2, kwa watu 200 ni asilimia 6. Zote mbili ni hesabu sahihi, na ndiyo maana muuzaji wa huduma za barua atakuonyesha moja na mshindani wake nyingine. Gawanya kwa watu waliofikiwa. Mteja ni mtu, na mtu ana uwezo wa kukubali mara moja tu.

Jibu zuri bado si biashara. Linalofuata ni miadi: siku, saa, na mtu aliyekubali kukaa upande wa pili wa simu. Barua A ilileta miadi 2, na mmoja hakutokea. Barua B ilileta miadi 6, wakatokea 5. Hapa naomba msomaji atofautishe miadi iliyopangwa na mazungumzo yaliyofanyika. Kwenye kampuni ambazo vijana wa mauzo hulipwa kamisheni kwa kila miadi wanayoiandika, kalenda hujaa haraka ajabu: watu waliobembelezwa, waliokubali ili waachwe wapumue, wasio na bajeti wala mamlaka ya kununua. Kipimo kimehama kutoka pikseli hadi kalenda, udanganyifu ni uleule. Dawa yake si ngumu. Hesabu mazungumzo yaliyofanyika, na katika hayo hesabu yale ambayo aliyekuwa upande wa pili ana wageni na ana uwezo wa kuamua.

Majibu nayo yanaweza kuchokozwa. Kuna barua moja maarufu sana kwenye kazi hii, fupi, inayouliza kwa upole kama mtumaji afunge faili lako kwa kuwa umekaa kimya. Huwa inajibiwa mno. Soma yanayorudi: "Ndiyo, funga", "Samahani nimebanwa", "Wewe ni nani?" Majibu yamepanda, mazungumzo yamebaki palepale. Ndiyo maana sipendi kuona kiwango cha majibu kimesimama peke yake kwenye ripoti. Kiwe na majibu yenye nia pembeni yake, na mazungumzo yaliyofanyika pembeni ya hayo.

Kipimo cha kufunguliwa kina ladha moja ambayo vipimo bora havina: namba zake ni kubwa. Asilimia 65 inashibisha. Majibu 3 kati ya 188 yanasononesha, tena yana tatizo la kweli, kwamba namba ndogo huyumba kwa bahati. Ukituma barua 100 usipate jibu hata moja, bado haina maana kwamba barua hiyo haiwezi kujibiwa. Kwa hesabu za wanatakwimu, barua yenye uwezo wa kujibiwa na watu hadi 3 katika 100 inaweza kukupa sifuri katika mia ya kwanza. Tofauti ya 3 na 11 kwenye makundi ya karibu 190 ni ya kuaminika kiasi, siyo ya kulia kiapo. Na kama mwisho wa mwezi barua B imeleta safari 2 zilizolipiwa na A haijaleta hata moja, safari hizo mbili ni za kufurahia benki. Hazitoshi kuamulia barua ipi ni bora. Ofisi ndogo isiyotuma maelfu ya barua haina njia ya mkato hapa: ibadilishe jambo moja kwa wakati, isubiri, ijumlishe miezi miwili au mitatu kabla ya kutangaza mshindi.

Madhara makubwa ya namba ya kufunguliwa hayamo kwenye ripoti yenyewe. Yamo kwenye maagizo tunayoiachia itoe. Programu nyingi huruhusu uiambie: asiyefungua atumiwe barua ileile tena baada ya siku tatu, aliyefungua mara mbili apigiwe simu, asiyefungua kwa miezi sita afutwe. Agizo la kwanza linamsumbua msomaji wa Outlook aliyeisoma jana. La pili linamtuma kijana wako kupigia kichujio cha usalama. La tatu linafuta watu wanaokusoma kimyakimya na kuhifadhi simu zisizokusoma. Na usithubutu kumwandikia mtu kwamba umeona amefungua barua yako. Kama hakuifungua umejiaibisha, na kama aliifungua amejua kwamba ulikuwa unamchungulia. Mwaka 2019 programu ya barua pepe ya Superhuman ya Marekani ilishambuliwa vikali kwa sababu hiyo, ilipobainika inawaonyesha watumaji saa na mahali barua ilipofunguliwa. Iliondoa taarifa za mahali, na ule uwezo wa kuona nani amesoma ukazimwa, mpaka mtumiaji auwashe mwenyewe.

Sisemi namba hii haina kazi kabisa. Kama watu wako wa Gmail kwa kawaida hufungua karibu robo, na wiki hii wameshuka wote hadi karibu na sifuri huku wa Outlook wakibaki walivyokuwa, barua zako huenda zinaangukia kwenye folda ya Spam. Ni kengele, na kengele haina haja ya kuwa sahihi. Lakini hata hapo ipo taarifa bora. Tangu Februari 2024 Google inawadai wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail wathibitishe anwani zao kwa SPF, DKIM na DMARC, waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 katika 1,000. Malalamiko hayo huonekana kwenye huduma ya bure ya Postmaster Tools ukiwa na barua za kutosha. Ofisi ya watu wawili haitafika huko. Itatosha ijitumie barua kwenye anwani tatu nne za ndugu na marafiki, kila moja ya kampuni tofauti, na iwaulize imeangukia wapi.

Arusha walifanyaje? Walizima ufuatiliaji, pikseli ikatoka. Kwenye karatasi ya hesabu ya kijana zimebaki safu tano: watu waliofikiwa, majibu ya binadamu, majibu yenye nia, mazungumzo yaliyofanyika, safari zilizolipiwa. Kila Ijumaa anaijaza kwa mkono, kwa nusu saa, na nusu saa hiyo inamlazimisha kuyasoma majibu.

Kabla ya kuizima, alirudi mara ya mwisho kwenye ripoti ya barua B kumtafuta wakala aliyelipia kundi kubwa kuliko yote, watu 11 wa wiki ya pili ya Februari. Mbele ya jina lake palikuwa bado pameandikwa kwamba hajafungua.